Vidokezo 9 kwa Baraza la Kanisa Linaloandikia Kampuni ya Bima

Baraza la kanisa likishakubaliana kukata bima, katibu huambiwa aandike barua, naye huandika sentensi moja: tunaomba mtujulishe gharama ya bima ya kanisa letu. Jibu nalo huja fupi hivyo hivyo, fomu ya kujaza na tarakimu moja chini ya ukurasa. Watu wanaanza kuisoma hati ya bima siku paa limeezuliwa, au Jumapili asubuhi wanapokuta spika hazipo.

Vidokezo hivi vimeandikwa kwa kufikiria kanisa la gombolola ya Sikuda, Wilaya ya Busia upande wa Uganda: kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati, benchi za mbao, na seti ya sauti iliyonunuliwa kidogo kidogo kwa michango. Majirani wa Tororo wataona vinawahusu, na walio Busia ya Kenya pia, isipokuwa pale tunapogusa sheria ya Uganda. Tarakimu za shilingi ni za mfano. Zenu mtazipata kwa fundi na dukani.

1. Gawanyeni mali katika mafungu matatu kabla ya kushika kalamu

Jengo linaungua, linaezuliwa, linapigwa radi. Benchi zinaungua pamoja na jengo, lakini ni nadra mtu kuja usiku kuiba benchi ya mita tatu. Mikisa na maikrofoni hubebwa ndani ya gunia. Kwa kuwa hasara zenyewe hazifanani, kampuni za bima zimezigawa katika bima tofauti, na barua isiyogawa itajibiwa kwa bima moja ya moto ambayo haimgusi mwizi hata kidogo.

Fungu la kwanza ni jengo na kila kilichoshikamana nalo: paa, dari, milango, nyaya za umeme zilizopita ukutani, mimbari ya saruji, ofisi ya mchungaji, choo, ukuta wa uani na geti. Semeni wazi kwamba choo na ukuta vimo, maana kisichotajwa huhesabiwa hakimo. Fungu la pili ni samani: benchi, viti vya plastiki, meza ya Bwana, kabati la mavazi, mimbari ya mbao inayohamishika. Fungu la tatu ni vyombo vya sauti pamoja na jenereta, na hilo liandikieni orodha ya kitu kimoja kimoja, yaani aina, muundo, namba iliyochapwa mgongoni mwa kifaa, mwaka wa kununua, na bei ya kukinunua kipya leo.

Namba ya mgongoni ndiyo hukosekana mara nyingi kuliko zote. Bila hiyo, spika ikikamatwa na polisi sokoni hamna namna ya kuonyesha kwamba ni yenu, na kampuni ya bima nayo inaweza kuuliza kama mliwahi kuwa nayo. Pigeni picha kila kifaa mbele na nyuma, kisha picha ziwekwe mahali pengine mbali na kanisa.

2. Thamani ya jengo ni gharama ya kulijenga upya leo

Hapa ndipo makanisa mengi huumia, tena kwa nia njema. Baraza hutazama daftari la ujenzi, likaona kwamba zilitumika shilingi milioni 120, likaandika milioni 120. Lakini matofali yalichomwa na vijana wa kanisa bila malipo, mchanga uliletwa na muumini mwenye lori, na fundi alipunguza bei kwa kuwa naye huabudu hapo. Tena mabati na saruji vilinunuliwa kwa bei ya miaka ile. Fundi wa leo akiambiwa ajenge jengo lile lile kuanzia msingi, kwa malipo kamili, tuseme atataja milioni 180.

Tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye fidia kupitia kanuni ya uwiano, ambayo imo karibu katika kila hati ya bima ya moto. Kanuni inasema hivi: ukikatia bima sehemu tu ya thamani, wewe na kampuni mtagawana kila hasara kwa uwiano huo huo, hata hasara iwe ndogo kiasi gani. Basi upepo wa Aprili unaezua nusu ya paa, na kulirudisha kunagharimu milioni 30. Mweka hazina anatulia, kwa sababu milioni 30 iko mbali sana na milioni 120 iliyokatiwa bima. Mkadiriaji hasara anapiga hesabu yake: 120 kugawa kwa 180 ni theluthi mbili, na theluthi mbili ya milioni 30 ni milioni 20. Halafu anaondoa kiasi ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe katika kila dai. Kikiwa asilimia 10, zinatoka milioni 2. Kanisa linapokea milioni 18, na milioni 12 zilizobaki zinarudi kwenye kapu la sadaka.

Kwa hiyo mwombeni mkadiriaji majengo, au walau fundi mwenye uzoefu, awaandikie makisio ya kujenga upya, na katika makisio hayo aweke pia gharama ya kubomoa mabaki na kusomba kifusi. Ardhi isihesabiwe, kwa kuwa haiungui. Makisio hayo yaambatishwe na barua, na kila mwaka kabla ya kuongeza muda wa bima muulizeni fundi yule yule kama bei zimepanda.

Kwa samani na vyombo vya sauti swali hubadilika kidogo. Bima ya kawaida hulipa thamani ya kitu kilivyokuwa siku ya hasara, baada ya kukata uchakavu. Kinanda kilichopigwa kila wiki kwa miaka 6 kitathaminiwa kama kinanda cha miaka 6, na fedha hiyo haitanunua kingine. Ulizeni kama kuna nafasi ya kulipwa bei ya kitu kipya cha aina hiyo, na ada inaongezeka kiasi gani. Kwa vyombo vya sauti mimi naona nyongeza hiyo inafaa kulipwa. Kwa viti vya plastiki haina haja.

3. Kuhusu radi, ulizeni maswali mawili badala ya moja

Eneo hili lina historia yake na radi. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitaja Tororo kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka katika miaka ya 1967 hadi 1976, na Sikuda iko chini ya mawingu hayo hayo. Makanisa yamekwishapigwa katika ukanda wetu. Tarehe 10 Machi 2018 radi iliua watu 16 waliokuwa katika kanisa la Waadventista huko Nyaruguru, Rwanda. Tarehe 2 Novemba 2024 iliwapiga watu waliokuwa kwenye ibada katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, kaskazini mwa Uganda. Polisi walitangaza vifo 14 na majeruhi 34.

Bima ya moto kwa kawaida hutaja radi pamoja na moto katika mstari wake wa kwanza. Baraza likiuliza kama radi imo, litajibiwa ndiyo, na jibu hilo ni la kweli. Lakini mara nyingi vyombo vya sauti havifi kwa radi iliyolipiga kanisa lenyewe. Radi hupiga nguzo ya umeme mbali kidogo, msukumo wa umeme ukasafiri kwenye waya, ukaingia kwenye amplifaya iliyoachwa kwenye soketi. Au umeme unakatika katikati ya ibada, unarudi kwa nguvu kupita kiasi, na mikisa inanyamaza. Kanisa limesimama, ukuta hauna hata alama ya moshi, ila kifaa ndani kimeungua.

Hapo ndipo kifungu cha umeme kinapojitokeza. Hati nyingi za bima ya moto husema kwamba kifaa cha umeme kilichoharibiwa na umeme wake wenyewe, iwe kwa msukumo uliozidi, kwa shoti au kwa kupata joto ndani, hakilipwi. Moto ukitoka kwenye kifaa hicho ukaenda kwenye dari, dari italipwa na kifaa chenyewe kitaachwa. Hata bima ya mali zinazohamishika dhidi ya majanga yote, licha ya jina lake, mara nyingi huwa na sentensi inayotoa nje hitilafu za umeme. Bima iliyotungwa kwa hasara ya namna hii ni bima ya vifaa vya kielektroniki, na hiyo iombeni kwa jina lake.

Maswali mawili yaandikwe hivi, bila kuunganishwa: je, radi ikilipiga jengo mtalipa? Na je, msukumo wa umeme ukija kwa njia ya waya, uwe umetokana na radi au na umeme kurudi ghafla, ukaharibu vyombo vya sauti bila moto kutokea, mtalipa? Mkipata ndiyo kwa la kwanza na kimya kwa la pili, hesabuni kwamba la pili ni hapana.

Kampuni itataka kujua mna kinga gani. Ikiwa paa lina kinga radi, semeni iliwekwa lini, na kama fundi umeme amepima jinsi waya wake ulivyoshika ardhini. Waya wa shaba unaoshuka ukutani ukaishia juu ya udongo, kwa sababu kipande cha chini kimekatwa na wezi wa shaba, haulindi kitu, na dalili yake inaonekana kwa macho: zungukeni nyuma ya kanisa mkautazame. Kwa vyombo, wekeni kifaa cha kudhibiti msukumo wa umeme, na mtu mmoja wa kwaya apewe kazi ya kuchomoa kila plagi ibada inapokwisha.

4. Wizi hulipwa pale mlango ulipovunjwa

Bima ya wizi wa kuvunja inahitaji alama: kufuli lililokatwa, nondo zilizopindwa, bati lililong'olewa. Maikrofoni mbili zikipotea baada ya harusi wakati milango ilikuwa wazi na wageni wanaingia na kutoka, bima hiyo haitalipa. Mtu mwenye ufunguo akifungua akachukua kinanda, wizi huo nao kwa kawaida haumo, na wizi wa mtumishi wa ndani una bima yake ya uaminifu.

Ulizeni basi: je, vyombo vya sauti vinalindwa dhidi ya kuibiwa bila kuvunjwa kwa mlango? Kama jibu ni hapana, fungu la tatu lihamishieni kwenye bima ya majanga yote na bima ya wizi wa kuvunja iachwe kwa benchi.

Ikitokea mmeibiwa, msifagie na msirekebishe kufuli kabla halijapigwa picha. Nendeni polisi siku hiyo hiyo, chukueni namba ya taarifa, kisha ijulisheni kampuni kwa maandishi. Hati ya bima hutaja muda wa kutoa taarifa, na muda huo ni mfupi kuliko unaohitajika kuitisha kikao cha baraza. Katibu apewe ruhusa ya kuandika bila kusubiri kikao.

5. Spika zikitoka getini, ulizeni kama bima inatoka nazo

Vyombo vya kanisa la Sikuda havikai ndani. Leo viko kwenye matanga ya muumini, Jumamosi viko kwenye mkutano wa injili sokoni, mwezi ujao kwaya imealikwa Tororo, na mwezi mwingine imealikwa ng'ambo, Busia ya Kenya, ambako si mbali. Hati ya bima, kwa upande wake, inataja mahali mali ilipo, yaani kiwanja fulani katika gombolola fulani. Chombo kikipata ajali nje ya hapo, hakimo.

Kuna hatua tatu za kuuliza hapa, na bei zake hazilingani: mali ikiwa ndani ya kanisa tu, ikiwa popote ndani ya Uganda pamoja na njiani, na ikiwa ndani ya Uganda na Kenya. Kwa safari za ng'ambo waambieni ni ngapi kwa mwaka na mnakwenda hadi wapi. Huenda wakakubali kuongeza Kenya kwa ada ndogo, au wakataka mwaarifu kabla ya kila safari. Yote mawili yanafaa mradi yameandikwa. Ulizeni pia kuhusu vyombo kulala ndani ya gari, kwa sababu kampuni nyingi hazilipi kilichoibwa kwenye gari lisilo na mtu usiku.

Msichanganye jambo hili na Kadi ya Manjano ya COMESA, ile ambayo madereva wanaijua vizuri pale mpakani. Hiyo inahusu dhima ya gari kwa watu wengine ng'ambo, na haizihusu spika zilizo nyuma ya pikapu.

Na kwa kuwa mpaka uko karibu, swali hili huulizwa kila mara: je, tunaweza kukata bima ya kanisa la Uganda kwa kampuni ya Busia ya Kenya, kama bei yake ni nafuu? Hapana. Sheria za nchi zote mbili zinataka mali iliyo nchini ikatiwe bima na kampuni yenye leseni ya nchi hiyo, labda mdhibiti awe ametoa idhini. Uganda inaongozwa na Sheria ya Bima ya 2017, na mdhibiti wake ni Mamlaka ya Udhibiti wa Bima iliyoko Kampala, ambayo hutoa orodha ya kampuni, madalali na mawakala wenye leseni. Kagueni jina la anayewauzia kwenye orodha hiyo kabla ya kumpa hata shilingi.

6. Jina linaloandikwa kwenye hati

Baraza la kanisa huamua na kulipa, lakini mara nyingi ardhi na jengo vimeandikishwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa dayosisi au wa dhehebu. Fidia hulipwa kwa mwenye maslahi ya kisheria katika mali. Hati ikiwa na jina la mchungaji, naye akahamishwa, au jina la mwenyekiti aliyemaliza muda, mtatumia miezi kuthibitisha nani anastahili hundi.

Ombeni hati iandikwe kwa jina la wadhamini pamoja na parokia, na malipo yaingie kwenye akaunti ya benki ya parokia. Kabla ya hapo mwandikieni katibu wa dayosisi, mkiwa Waanglikana wa Bukedi au Wakatoliki wa Jimbo Kuu la Tororo au kanisa lingine lolote lenye makao makuu. Muulizeni kama tayari ipo bima ya pamoja ya majengo. Ikiwapo, huenda mnahitaji kuongeza vyombo vya sauti peke yake. Isipokuwapo, parokia kadhaa zikiomba pamoja zina nguvu zaidi ya kujadili bei.

7. Semeni mambo ambayo hamkuulizwa

Mkataba wa bima unadai mwombaji aseme kila jambo linaloweza kubadilisha uamuzi wa kampuni. Likifichwa, hata kwa kusahau, kampuni inaweza kukataa kulipa baada ya janga. Kwa makanisa yetu mambo hayo yanajulikana: darasa la chekechea linalotumia jengo siku za wiki, jiko la kuni lililo karibu na ukuta wa nyuma, mishumaa ya mkesha, dumu la petroli ya jenereta linalohifadhiwa chini ya ngazi, nyaya zilizoungwa na kijana wa kwaya asiye fundi.

Jambo moja linastahili aya yake. Kama jengo bado linajengwa, ukuta umefika kwenye lenta na ibada inafanyika chini ya turubai, bima ya kawaida ya moto haifai. Kuna bima ya ujenzi inayolinda kazi na vifaa vilivyoko kiwanjani, na siku jengo linapokamilika mnahamia kwenye ile ya kawaida. Waambieni ujenzi umefika wapi, na mpeleke picha.

Muwe waangalifu pia na ahadi. Mkiandika kwamba kuna mlinzi usiku, kampuni inaweza kuigeuza sentensi hiyo kuwa sharti la mkataba, na mlinzi akiwa amekwenda msibani usiku wa wizi, dai linayumba. Andikeni mlicho nacho kweli: mlinzi yupo usiku wa Ijumaa hadi Jumapili, siku nyingine jirani anaangalia.

8. Barua yenyewe

Uingereza kuna kampuni iitwayo Ecclesiastical, iliyoanzishwa mwaka 1887 kwa ajili ya bima ya moto ya makanisa ya Kianglikana, na watu wake wanajua kila kilichomo kanisani. Lakini afisa atakayesoma barua yenu kutwa anashughulikia magari na maghala. Mwelezeni kanisa lenu kama mtu asiyewahi kuliona. Ofisi nyingi za bima Uganda hutumia Kiingereza, kwa hiyo andikeni rasimu katika lugha ambayo baraza zima linaielewa, ipitishwe, kisha itafsiriwe na nakala zote mbili zihifadhiwe.

*Baraza la Kanisa, Parokia ya (jina), Gombolola ya Sikuda, Wilaya ya Busia. Tarehe (…)*

*Kwa Meneja wa Bima za Mali,*

*YAH: OMBI LA MAELEZO NA BEI YA BIMA YA JENGO, SAMANI NA VYOMBO VYA SAUTI*

*Baraza letu, katika kikao cha tarehe (…), liliamua kutafuta bima ya mwaka mmoja kwa mali ya parokia. Mali hiyo inamilikiwa na Wadhamini Waliosajiliwa wa (…), ambao wametoa kibali kilichoambatishwa.*

*Jengo ni la matofali ya kuchoma na mabati, lilikamilika mwaka (…), na gharama ya kulijenga upya imekisiwa kuwa shilingi 180,000,000. Samani zina thamani ya shilingi 12,000,000. Vyombo vya sauti na jenereta vina thamani ya shilingi 15,000,000 kwa bei ya vipya. Orodha, namba za vifaa, picha na makisio ya fundi vimeambatishwa. Siku za wiki jengo hutumiwa na watoto wa chekechea. Petroli huhifadhiwa nje, katika kibanda cha peke yake. Mlinzi yupo usiku wa Ijumaa hadi Jumapili.*

*Tunaomba majibu ya maandishi kwa maswali haya:*

*Mnapendekeza bima gani kwa kila fungu, na ada ya kila moja ni kiasi gani kabla na baada ya kodi?*

*Moto, radi, upepo na mafuriko vimo katika bima ya jengo? Choo na ukuta wa uani vimo?*

*Msukumo wa umeme ukiharibu vyombo vya sauti bila moto kutokea, mtalipa?*

*Vyombo vikiibwa bila mlango kuvunjwa, au vikiharibika njiani, au vikiwa kwenye ibada ya nje ndani ya Uganda au Kenya, mtalipa?*

*Kanuni ya uwiano inatumika vipi, na tutajibebea kiasi gani katika kila dai?*

*Vyombo vya sauti vitalipwa kwa bei ya vipya au baada ya kukata uchakavu?*

*Mnaweka masharti gani ya kufuli, mlinzi, kinga radi na kizima moto?*

*Mtu akiumia ndani ya kanisa, kwa mfano kwa kuangukiwa na spika, mna bima gani ya dhima, na kwa bei gani?*

*Tunaomba pia nakala ya hati yenyewe kabla hatujaamua, na tunamkaribisha afisa wenu aje kukagua.*

*Mwenyekiti. Katibu. Mweka hazina.*

Swali la mwisho halihusu mali, lakini liacheni. Kanisa hukusanya watu wengi kuliko nyumba yoyote kijijini.

9. Majibu yakija, someni yasiyolipwa kabla ya kusoma bei

Pelekeni barua ile ile kwa kampuni tatu, au mpeni dalali wa bima aipeleke. Wakala anawakilisha kampuni, dalali anawawakilisha ninyi, na wote kwa kawaida hulipwa na kampuni.

Tuseme kampuni ya kwanza imetaja asilimia 0.2 kwa jengo, 0.25 kwa samani na 2 kwa vyombo vya sauti. Hiyo ni shilingi 360,000, 30,000 na 300,000, jumla 690,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inaongeza 124,200, na bado kuna tozo ya mafunzo ya bima na ushuru wa stempu. Kampuni ya pili imetaja 500,000 kabla ya kodi. Mweka hazina atapenda ya pili. Fungueni ukurasa wa yasiyolipwa: msukumo wa umeme haumo, na vyombo vikitoka getini havimo. Kwa kanisa lenye spika zinazosafiri, chini ya mawingu ya Tororo, kampuni ya pili imewauzia bima ya jengo, na fungu la tatu limebaki karibu wazi. Rudini kwa hiyo kampuni muwaulize wanaongeza kiasi gani ili mambo hayo mawili yaingie, kisha ndipo mlinganishe.

Malipo yapelekwe kwenye akaunti ya kampuni, mpewe risiti, na msihesabu kwamba mna bima hadi muwe na risiti na uthibitisho wa tarehe ya kuanza. Hati ikija, ilinganisheni na majibu ya barua swali kwa swali. Kilichokubaliwa kwa simu kikawa hakimo kwenye hati, kirudisheni kiandikwe. Mkikwama na kampuni kuhusu dai, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ina ofisi inayopokea malalamiko, na barua yenu pamoja na majibu yake ndiyo itakayokuwa ushahidi wenu wa kwanza. Kwa hiyo kila nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa, na moja ikae kwa katibu wa dayosisi.